Maneno Mangapi kwa Dakika?

Katika miji yetu, kijana akitaka kazi ya ukarani huulizwa: «Waandika maneno mangapi kwa dakika?» Mmoja hujibu arobaini, mwingine sitini, na wazazi waliolipa karo ya mafunzo hufurahia hesabu iliyo kubwa. Lakini hesabu hiyo peke yake haitoshi. Tutazame kwanza jinsi inavyopatikana.

Neno linalohesabiwa hapa silo neno la kamusi. Ni mapigo matano ya vidole, na nafasi kati ya maneno huhesabiwa pia kuwa pigo. Kipimo hiki kina haki, hasa kwa Kiswahili. Neno «tutawapelekea» lina herufi 13. Pamoja na nafasi inayofuata ni mapigo 14, karibu maneno matatu ya kipimo. Kama tungehesabu maneno ya kamusi, mwenye kuandika Kiswahili angeonekana mvivu mbele ya mwenzake aandikaye lugha ya maneno mafupi, hali vidole vyao vimefanya kazi ileile.

Basi, tuseme kijana mmoja na binti mmoja wanapimwa kwa dakika tano. Kijana anapiga mapigo 1500. Tukigawa kwa 5 twapata maneno 300. Tukigawa tena kwa dakika 5, twapata maneno 60 kwa dakika. Binti anapiga mapigo 1000, yaani maneno 40 kwa dakika. Kila mtu aliye karibu atamsifu kijana.

Sasa tusome karatasi zao. Ya kijana ina makosa 20. Ya binti ina kosa moja. Shule nyingi huondoa neno moja tu kwa kila kosa. Kwa kanuni hiyo kijana hubaki na maneno 280, ndiyo 56 kwa dakika, na bado yu mbele. Lakini je, kosa moja hugharimu neno moja tu?

Makarani wa zamani walijua jibu. Aliyekosea katika mashini yenye karatasi za kaboni alisimama, akapandisha karatasi, akafuta kosa kwenye barua na kwenye kila nakala, akairudisha mahali pake, ndipo akapiga herufi iliyo sawa. Tuseme kazi hiyo ilichukua nusu dakika. Makosa 20 ya kijana ni dakika 10 za kufuta. Barua yake imetimia kwa dakika 15, si 5. Maneno 300 kwa dakika 15 ni maneno 20 kwa dakika. Binti amesahihisha kosa lake moja, akamaliza kwa dakika tano na nusu: maneno 36 kwa dakika. Aliyeonekana mpole ndiye mwepesi.

Kwa sababu hiyo mashindano makubwa ya Amerika yalikuwa na adhabu kali: kila kosa lilikata maneno kumi. Katika mwaka 1923 Albert Tangora alishinda kwa maneno 147 kwa dakika, tena kwa saa nzima. Kwa adhabu kama hiyo, mwenye haraka bila usahihi hawezi kushinda.

Mtu atasema: «Siku hizi tuna kompyuta, kosa hufutwa mara moja.» Ni kweli, kwa kosa linaloonekana. Lakini lile lisiloonekana ndilo baya zaidi. Karani anayekusudia kuandika «hatalipa» akiacha herufi moja, barua itasema «atalipa», nayo ni neno halali, kompyuta haitalishuku. Vilevile faranga 1500 zikiandikwa 15000, hakuna chombo kitakachojua kiasi kilichokusudiwa. Tena, katika vitufe vya mpango wa Kifaransa, tarakimu za safu ya juu hutaka kitufe kingine kishikwe pamoja, kwa hiyo mkono wenye pupa hukosea papo hapo.

Ajifunzaye na aandike kila siku dakika tano bila kufuta kitu, kisha ahesabu mbali mapigo, na mbali makosa. Makosa yakizidi moja kwa dakika, apunguze mwendo mpaka mapigo yafuatane kwa mlio ulio sawa, kama mtwangaji mzoefu kinuni. Herufi zilizobadilishana mahali ni dalili kwamba mkono mmoja wautangulia mwingine. Makosa yakipungua kwa siku kadhaa, aongeze mwendo kidogo.

Nanyi wazazi, mkioneshwa cheti chenye maneno 60 kwa dakika, ulizeni mambo mawili: mtihani ulikuwa wa dakika ngapi, na makosa yalikuwa mangapi? Dakika moja ya bahati haionyeshi kazi ya siku nzima. Na cheti kisichotaja makosa kimeeleza nusu tu ya habari.