Amana ya Mfasiri: Majina, Lakabu na Hati za Siri

Mwezi wa Septemba mwaka 2017, shirika la utangazaji la Norwe, NRK, lilitoa habari iliyowashtua watu wa ofisi nyingi: ya kwamba barua za kuwaachisha watu kazi, mikataba, maneno ya siri ya kuingilia kompyuta, na mipango ya ndani ya kampuni kubwa ya mafuta ya Statoil, vilikuwa vikisomeka waziwazi na mtu yeyote aliyejua kutafuta katika Google. Hapakuwa na mwizi aliyevunja mlango. Wafanyakazi wenyewe, kwa nia njema na kwa haraka ya kazi, walikuwa wamezibandika hati hizo katika tovuti ya tafsiri ya bure iitwayo Translate.com, nayo tovuti ile, ambayo ilikuwa ikiyahifadhi maandishi ya wateja ili watu wapate kuisahihisha tafsiri ya mashine, iliyaacha mahali ambapo mitambo ya utafutaji iliweza kuyafikia. Soko la Hisa la Oslo likawafungia wafanyakazi wake njia ya kuzifikia tovuti za tafsiri za namna hiyo.

Mfasiri anayepokea hati ya mtu amepokea amana, na jambo la kwanza analopaswa kulijua juu ya amana hiyo ni kwamba, maandishi yakishatoka katika kompyuta yake kwenda katika kompyuta ya mtu mwingine, hana tena uwezo wa kuyarudisha. Huduma ya bure aghalabu hulipwa kwa maandishi yenyewe. DeepL, mathalan, ambayo ni kampuni ya Kijerumani, husema bayana katika masharti yake kwamba maandishi yanayowekwa katika huduma ya bure huhifadhiwa kwa muda ili yatumike kuufunza mtambo, na kwamba hati zenye taarifa za watu hazifai kuwekwa humo. Ilhali anayelipia huahidiwa kwamba maandishi yake yatafutwa mara tafsiri inapokwisha. Masharti hayo yameandikwa kwa uwazi, lakini ni wangapi wanaoyasoma kabla ya kubandika? Hapa kwetu sheria nazo zimekwisha kusema: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na zote mbili zina masharti juu ya kuzihamisha taarifa za watu nje ya nchi. Kuibandika ripoti ya daktari katika tovuti ambayo kompyuta zake ziko ng'ambo ni kuihamisha, hata kama mwenye kubandika hakuinuka katika kiti chake.

Tena njia za kutoka siri si tovuti za tafsiri peke yake. Kivinjari cha Chrome kina chaguo liitwalo `Enhanced spell check`, ambalo likiwashwa, maneno yanayoandikwa katika visanduku vya kurasa za mtandao hupelekwa Google ili tahajia ikaguliwe huko. Mteja naye huipiga picha hukumu yake akaituma kwa WhatsApp, na simu ya mfasiri, bila ya kuulizwa neno, huweza kuiweka picha ile miongoni mwa picha za nyumbani na kuipandisha katika hifadhi ya mtandaoni usiku ule ule. Na iko desturi iliyoenea miongoni mwetu wafasiri, nayo naichukia zaidi kuliko zote kwa kuwa huvaa nguo ya ushirikiano: kukwama juu ya istilahi moja ya mahakama, kisha kuupiga picha ukurasa mzima, wenye jina la mshtakiwa juu yake, na kuutupa katika kundi la watu mia mbili ili kuuliza maana.

Maadam hali ni hiyo, kazi yenyewe yafaa ifanyike katika kompyuta ya mfasiri. Programu ya OmegaT, ambayo ni ya bure na hukaa yote katika mashine yake, hutosha kwa kazi nyingi; sharti tu ahakikishe kwamba hakuunganisha ndani yake huduma ya tafsiri ya mtandaoni, kwa kuwa ikiunganishwa, kila sentensi anayoifungua huweza kupelekwa nje. Lakini upo wakati ambapo msaada wa nje hauepukiki, kama vile mhariri wa pili aliye mji mwingine, au mtambo unaotumiwa kwa rasimu ya kwanza. Na hapo ndipo inapoingia kazi ya lakabu, ambayo watu wengi hudhani ni nyepesi.

Tuseme imekuja hukumu ya Mahakama ya Mwanzo kutoka wilaya moja ya Tanga, kurasa tisa kwa Kiswahili, juu ya talaka na malezi ya watoto wawili, pamoja na barua ya daktari. Na mama, tumwite Salma Omari Juma, aitaka kwa Kiingereza ili aipeleke ubalozini. Mfasiri hatakiwi kuanza kufuta. Aisome hati yote kwanza, akiwa na daftari pembeni, aandike kila namna ambayo kila mtu ametajwa. Humo atamkuta Salma Omari Juma, na Bi. Salma, na S. O. Juma, na mdai. Kisha katika ushahidi wa jirani atamkuta Mama Zuhura, ambaye ni yeye yule, ila ameitwa kwa jina la bintiye. Jina hili la mwisho ndilo linalopita katika kila chujio, maana mtu aliyetafuta neno Salma peke yake hatalipata, na akiliacha atakuwa amewafichua wawili kwa mara moja, mama na mtoto mdogo.

Kila mtu hupewa lakabu moja ya herufi na tarakimu zisizo na maana katika lugha yoyote: Salma awe KQ01, mumewe Ali awe KQ02, Zuhura awe KQ03. Asitumie MTU01, kwa sababu mtambo huweza kuifasiri. Wala asitumie K1, kwa kuwa siku ya kuyarudisha majina K1 itaonekana pia ndani ya K10. Katika daftari la ufunguo, mbele ya kila lakabu, aandike kama ni mwanamume au mwanamke, kwa kuwa viambishi vyetu havitofautishi mume na mke, na Kiingereza hakisemi alikwenda bila ya kumchagua mmoja wao. Mtambo ulionyimwa jina utakisia, nao utamgeuza Salma kuwa mwanamume katika ukurasa wa tatu na kumrudisha kuwa mwanamke katika ukurasa wa nne.

Kisha ndiyo kubadilisha, na hapa Kiswahili kina mitego yake. Anayeagiza programu ibadilishe Ali kuwa KQ02 bila ya hadhari, ataona kila alikwenda na kila aliyekuwa limeharibika, na Juma likibadilishwa hivyo hivyo litaila Jumamosi na Jumatatu. Katika LibreOffice kuna visanduku viwili katika dirisha la kutafuta na kubadilisha, `Match case` na `Whole words only`, navyo vyote viwili vitiwe alama. Majina marefu yatangulie mafupi: Salma Omari Juma libadilishwe kabla ya Salma, la sivyo utabaki na KQ01 Omari Juma, yaani umeficha kichwa ukaacha kiwiliwili nje. Na majina yaliyoandikwa kwa makosa na karani, kama Salima mahali pa Salma, hayatapatikana ila kwa jicho; kwa hiyo nakala iliyotiwa lakabu isomwe tena tangu mwanzo hadi mwisho kabla haijatoka.

Hata hivyo jina si yote. Katika miaka ya 1990 jimbo la Massachusetts, Marekani, liliwapa watafiti kumbukumbu za matibabu za wafanyakazi wa serikali, zimekwisha kuondolewa majina. Na Latanya Sweeney, aliyekuwa mwanafunzi wakati ule, akazilinganisha na daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge, akazipata kumbukumbu za gavana mwenyewe, William Weld, kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na nambari ya posta. Vitu vitatu vilitosha. Katika hukumu yetu, ikiwa imeandikwa kwamba KQ02 ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijiji kilichotajwa, tumeficha nini? Kijiji nacho chataka lakabu, na shule, na nambari ya kesi, na nambari ya jalada la hospitali, na tarehe za kuzaliwa. Kazi ya mtu, ikiwa ni adimu mahali pale, itajwe kwa upana zaidi katika nakala inayotoka, na neno lenyewe liwekwe katika daftari. Na maelezo ya ugonjwa yaliyomo katika barua ya daktari, kwa rai yangu, yasitoke kabisa. Barua ile ina ukurasa mmoja tu, na mfasiri aifasiri kwa mkono wake.

Faili yenyewe pia ina maneno yasiyoonekana. Hati ya Word hubeba jina la mwandishi ndani yake, katika `docProps/core.xml`, na huweza kubeba maoni ya pembeni na maneno yaliyofutwa ambayo bado yamehifadhiwa kama marekebisho. Njia iliyo salama ni kunakili maandishi matupu katika faili mpya. Wala mtu asidanganyike na mstari mweusi unaochorwa juu ya jina katika PDF: mwezi wa Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort waliwasilisha hati mahakamani yenye sehemu zilizotiwa weusi namna hiyo, na waandishi wa habari wakazisoma kwa kunakili na kubandika tu.

Tafsiri ikirudi, lakabu zihesabiwe kabla ya kuyarudisha majina. Ikiwa KQ03 imo mara 14 katika asili na mara 12 katika tafsiri, mbili zile zitafutwe mahali zilipo. Huenda kiwakilishi cha Kiingereza kimezishika nafasi zao kwa haki, au huenda sentensi nzima imeangushwa. Majina yarudishwe kama yalivyo katika asili, herufi kwa herufi, na karani aliyeandika Salima abaki na Salima yake, pamoja na tanbihi ya mfasiri, kwa kuwa ofisa wa ubalozi atailinganisha hati na pasipoti.

Hubaki daftari la ufunguo na kumbukumbu ya kazi. Maadamu daftari lipo, hati yenye lakabu yahesabiwa bado kuwa na taarifa za mtu, na sheria ya Ulaya ya mwaka 2016 yatamka hivyo waziwazi. Kwa hiyo daftari likae mbali na hati, ndani ya faili iliyofungwa kwa neno la siri tangu siku ya kwanza, kwa sababu kufuta faili katika diski za siku hizi hakuthibitishi kwamba imetoweka. OmegaT nayo huweka kila sentensi iliyofasiriwa katika `project_save.tmx`, na mfasiri anayeipeleka faili hiyo katika kazi ya mteja mwingine huweza kuona jina la Salma likijitokeza katika mkataba wa saruji; ya kuhifadhiwa kwa kazi za baadaye iwe ile yenye lakabu peke yake. Muda wa kulihifadhi daftari upatanwe na mteja kwa maandishi kabla ya kazi kuanza. Siku 90 hutosha kwa hati ya ubalozi, maana ndani yake hujulikana kama ofisa ameikubali au ameirudisha kwa marekebisho. Na zikiisha, mfasiri aliharibu daftari na nakala zake zote, zile za simu zikiwamo, kisha amwandikie mteja kwamba ameliharibu.