Feni Koili ya Hoteli: Dari Inapodondosha Maji na Chumba Kikakataa Kupoa

Katika hoteli nyingi kubwa, hewa baridi ya chumbani haitoki kwenye kiyoyozi cha ukutani chenye injini yake nje. Juu ya ujia mdogo wa kuingilia chumbani, ndani ya dari, limefichwa boksi la bati ambalo mafundi huliita feni koili. Lina feni na mota yake, koili ya mabomba ya shaba yaliyovikwa mapezi membamba ya alumini, na chini ya koili trei ya kupokea maji. Ubaridi wenyewe hutengenezwa mbali, kwenye chila iliyo juu ya paa au nyuma ya jengo. Chila hupoza maji hadi nyuzi 7 hivi, pampu huyasukuma hadi vyumbani, nayo hurudi yakiwa na nyuzi 12 hivi. Chumbani hakuna gesi yoyote, kwa hiyo anayesema gesi imeisha hajafungua dari kutazama.

Chumba kisipopoa, swali la kwanza ni kama tatizo liko upande wa hewa au upande wa maji. Swichi huwekwa spidi ya juu, thamostati hushushwa hadi mwisho, kisha mkono na kipimajoto hupelekwa kwenye grili. Chumba cha nyuzi 25 hupaswa kupata hewa ya nyuzi 13 hadi 15, tena hewa ya kutosha. Hewa ikiwa baridi sana lakini inatoka kwa unyonge, maji hayana kosa: kinachokosekana ni upepo. Ikitoka kwa nguvu lakini vuguvugu, feni inafanya kazi yake na maji ndiyo hayafiki.

Upande wa hewa huanza na filta, kwa sababu ndiyo inayoziba mara nyingi na ndiyo rahisi kufikiwa. Nyuzinyuzi za mashuka na mazulia huifunika kama blanketi. Ikiwa filta ni safi na upepo bado mdogo, mapezi ya feni yenyewe huwa yamejaa uchafu mzito. Mota inayonguruma bila kuzunguka, au inayozunguka ikisukumwa kwa mkono tu, huelekeza kwenye kapasita iliyochoka. Kapasita isiguswe kabla ya kuzimwa umeme na kumaliziwa chaji yake.

Swichi ya spidi tatu inahitaji utulivu zaidi, maana hapa multimita huwadanganya hata mafundi wazoefu. Nyaya tatu za spidi hazielekei kwenye mota tatu. Zimechomozwa sehemu tofauti za msokoto uleule wa waya ndani ya mota moja. Umeme ukiingia kwa waya mmoja, zile nyingine mbili nazo huonyesha volti, pengine kubwa kuliko za laini yenyewe. Anayepima swichi ikiwa bado imeunganishwa na mota huona volti kila mahali, akahukumu kwamba swichi imeungua na kushikana ndani. Njia sahihi ni kuzima umeme kwenye breka, kuhakikisha kweli umezimika, kuchomoa nyaya tatu za spidi kwenye swichi na kuzifunga ncha, kisha kuwasha na kupima skrubu moja baada ya nyingine. Volti 230 hadi 240 zionekane pale tu palipochaguliwa. Spidi moja ikikosa volti, swichi ibadilishwe. Ikiwa zote tatu zinazo na bado spidi moja haifanyi kazi, kosa liko kwenye waya au msokoto wa mota. Kwa sababu hiyohiyo ya umeme kurudi nyuma, haifai kuunganisha mota mbili kwenye swichi moja bila rilei.

Upande wa maji hukaguliwa kwa kushika mabomba. Mabomba yote mawili ya koili yakiwa vuguvugu huku bomba kuu la korido likiwa baridi, maji hayapiti. Huenda vali ya mkono ilifungwa siku ya matengenezo ikasahauliwa, au vali ya umeme haifunguki. Thamostati ikidai baridi, kichwa cha vali kinapaswa kupata umeme, lakini kifundishwe subira: aina inayofunguka kwa kupashwa joto huchukua dakika kadhaa, na wengi huitupa ikiwa nzima. Kikipata umeme na kisisogee, kichwa kimekufa. Kikisogea na maji yasipite, huenda pini ya vali imekwama. Bomba la kuingia likiwa baridi na la kurudi likiwa limepata joto sana, kwa mfano nyuzi 18, maji yanapita kidogo mno. Hapo hufunguliwa chujio, halafu skrubu ya kutoa hewa juu ya koili, ilegezwe mpaka mlio wa hewa ukome na maji yatoke mfululizo.

Vali inaweza pia kukwama ikiwa wazi, na kosa hili hujionyesha kwa maji. Mgeni anapotoka na kadi yake ya mlango, feni husimama, lakini maji ya nyuzi 7 huendelea kupita. Bati la boksi hupoa, hewa yenye unyevu ya pwani huligusa, na boksi hutoka jasho kwa nje, mahali ambapo trei haipo. Chumba kinachodondosha maji wakati hakina mtu kianzie kwenye vali.

Trei yenyewe hupimwa kwa maji. Lita moja humiminwa polepole upande ulio mbali na bomba la kutolea, na iondoke yote ndani ya dakika moja au mbili. Maji yakisimama upande wa pili, boksi limelala vibaya: pimamaji huwekwa juu yake na nati za vyuma vya kuning'inizia hurekebishwa. Yakisimama mdomoni mwa bomba, kuna ute mweupe kama uji mzito, uliotokana na vumbi na unyevu. Ute huo huvutwa kwa mashine ya kunyonya maji kutoka mwisho wa bomba, kwani kuusukuma kwa waya huupeleka kwenye kona inayofuata. Bomba nalo lishuke walau sentimita 1 kwa kila mita.

Chukua chumba cha ghorofa ya tatu kinachobaki nyuzi 27 na kudondosha maji karibu na mlango. Grilini hewa ni nyuzi 11 lakini dhaifu, na mabomba yana nyuzi 7 na 8. Maji ni mengi, hewa ni chache. Filta inaoshwa na upepo unarudi, ila spidi ya kati haitoi kitu. Swichi ikipimwa bila mota inaonekana haina volti pale, na inabadilishwa. Matone hayajakoma. Lita moja ya maji inaondoka treini bila shida, basi tone halitoki humo. Karatasi kavu ya chooni inapitishwa chini ya mabomba hadi inapolowa: ni kwenye vali, ambapo sponji nyeusi ya kuhami ilikatwa vali ilipobadilishwa na haikurudishwa. Shaba iliyo wazi, urefu wa kiganja tu, inakusanya umande mchana kutwa. Inakaushwa, inavikwa sponji mpya na maungio yanafungwa kwa gundi yasipitishe hewa. Bodi ya dari iliyolowa huachwa ikauke kabla ya kupakwa rangi, kwani doa lisilokua tena baada ya siku chache ndilo linaloonyesha kwamba tone limepatikana.