Msimamizi akikuandikia "Imarisha sura hii"

Nikiandika tasnifu ya uzamili kuhusu wakulima wa viazi wa Molo, kaunti ya Nakuru, msimamizi alinirudishia sura ya pili na maneno matatu tu pembeni: "Imarisha sura hii."

Maoni kama hayo hayahitaji uandike upya kurasa zote. Nilichukua aya moja nikaiandika kwa njia mbili: ya kwanza iliongeza tafiti nyingine, ya pili ililinganisha zilizokuwepo. Nikamuuliza, "Mwalimu, ulikusudia ipi?" Akachagua ya pili papo hapo. Alitaka kuona tafiti hizo zinatofautiana wapi.

Jioni hiyo nilimtumia baruapepe ya mistari mitatu: tulichokubaliana, nitakacholeta, na siku ya kukutana tena, wiki mbili mbele. Kurasa nilizituma siku tano kabla, apate wasaa wa kusoma. Nikingojea, niliandika sura ya mbinu za utafiti, kwa kuwa haikutegemea jibu lake.

Ukikumbusha na bado kimya, wapelekee barua hizo walio juu yake idarani. Bila maandishi, huna la kuonyesha.