Zaha ya Olduvai na Sumaku Inayogeuka

Kwenye sakafu ya Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, chini ya tabaka ambamo Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropasi mwaka 1959, kuna mawe meusi ya zaha iliyotoka volkenoni karibu miaka milioni mbili iliyopita. Zaha ile ilipokuwa ikipoa, chembechembe zake za madini ya chuma zilipata usumaku kwa kufuata uga wa sumaku wa dunia wa siku hizo, nao ukabaki humo jiwe lilipokwisha kuwa gumu. Wanajiolojia walipoyapima mawe hayo katika miaka ya 1960 waliona yameelekea kaskazini, kama dira ya leo. Lakini mawe ya sehemu nyingine za dunia, yaliyoganda muda fulani kabla ya hapo na muda fulani baadaye, yameelekea kusini. Maana yake ni kwamba uga uligeuka, ukakaa hivyo kwa takriban miaka 170,000, kisha ukageuka tena. Kipindi hicho wanasayansi wa dunia nzima wanakiita Olduvai.

Kitu gani hasa kiligeuka? Si jiwe la sumaku lililozikwa katikati ya dunia. Chuma kikipita joto la nyuzi 770 hupoteza usumaku wake wa kudumu, na huko chini joto linazidi nyuzi 4,000. Chanzo ni kiini cha nje, bahari ya chuma na nikeli iliyoyeyuka inayoanzia kina cha kilomita 2,900 hivi na kuishia kilomita 5,150, ambako kiini cha ndani kilicho kigumu kinaanza.

Bahari hiyo haitulii. Juu yake inapoteza joto. Chini yake chuma kinaganda na kuongeza unene wa kiini cha ndani, kwa milimita moja au pungufu kila mwaka, na elementi nyepesi zinazobaki katika uoevu hupanda juu. Kwa hiyo chuma kinapanda na kushuka bila kukoma, kilomita kadhaa hadi makumi ya kilomita kwa mwaka. Kwa kuwa dunia inajizungusha, mikondo hiyo haipandi wima. Inapindwa na kujisokota, mingi ikijipanga sambamba na mhimili wa dunia. Ndiyo sababu ncha za sumaku hukaa karibu na ncha za dunia.

Chuma hupitisha umeme, nacho kikipita ndani ya uga wa sumaku, mkondo wa umeme huzaliwa. Dainamo ya baiskeli hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, ila yenyewe imewekewa sumaku na kiwanda. Kiini cha dunia kinajitengenezea yake: umeme unazaa uga mpya, na msokoto wa mikondo unaupa uga huo umbo linaloupa nguvu ule wa zamani. Mwendo ungesimama, uga ungefifia katika makumi ya maelfu ya miaka. Upo hadi leo kwa sababu unazalishwa upya kila wakati.

Jibu la kugeuka limo humo humo. Kanuni za fizikia zinazoendesha mtambo huu hazipendelei kaskazini wala kusini. Mikondo ile ile inaweza kuulisha uga wa upande wowote. Na kwa kuwa mikondo ina vurugu, mara kwa mara hukunja mistari ya uga na kuzaa mabaka yaliyoelekea kinyume. Mengi humezwa. Mara chache yanakua, yanasogea kuelekea nchani na kuudhoofisha uga mkuu, ambao ukianza kujijenga upya waweza kushika upande wa pili. Kiini cha ndani hupinga mabadiliko hayo, kwani uga ndani yake hubadilika polepole, hivyo majaribio mengi hushindwa. Mwaka 1995 Gary Glatzmaier na Paul Roberts waliuiga mtambo huu kwa kompyuta, na uga wao ukageuka wenyewe, bila kusukumwa na chochote kutoka nje. Nadhani hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba hatuhitaji kimondo wala janga lolote kueleza jambo hili.

Leo kuna mabaka ya kinyume chini ya Atlantiki ya Kusini na kusini mwa Afrika, na uga umepungua kwa karibu asilimia 9 tangu miaka ya 1840. Hilo halitoshi kutangaza kwamba unageuka. Miaka 41,000 hivi iliyopita ulidhoofika vibaya zaidi, ncha zikahama, kisha ukarudi ulivyokuwa. Tena hauna ratiba: wakati wa dainosari ulikaa upande mmoja kwa karibu miaka milioni 40. Mara ya mwisho kugeuka kabisa ilikuwa kama miaka 780,000 iliyopita, na kazi hiyo ilichukua maelfu ya miaka.