Barua ya Uanachama Husomwa na Wenzako wa Kazi

TATO, chama cha mawakala wa utalii Tanzania, kilianzishwa mwaka 1983 na makao yake yako Arusha. Kampuni inayoomba kujiunga na chama cha namna hiyo mara nyingi huandika maneno yaleyale inayowavutia nayo wageni: huduma bora, waongozaji mahiri, safari isiyosahaulika. Barua huharibikia hapo, maana wanaoisoma ni watu wa kazi hiyohiyo, wanaopishana na magari yako Seronera na kuwaona wapagazi wako kwenye geti la Machame.

Tuchukue kampuni ya mfano, yenye miaka mitano, inayopandisha wageni Kilimanjaro. Chini ya “Yah: Maombi ya Uanachama”, aya ya kwanza itaje jina kama lilivyosajiliwa BRELA, mwaka wa kuanza, leseni ya utalii na aina ya uanachama unaoombwa. Sentensi tatu zinatosha, kwa kuwa vyeti vimeambatishwa. Ila hakikisha majina yanafanana kila mahali. Jina la leseni likitofautiana na la cheti cha kodi, karani ataiweka barua pembeni kabla kamati haijaiona.

Aya ya rekodi ndiyo inayostahili jasho. “Tuna uzoefu mkubwa” haipimiki. Andika hivi: “Mwaka jana tulipandisha wageni 140. Mizigo ya wapagazi hupimwa ofisini kabla ya kwenda getini, isizidi kilo 20, na malipo yao husainiwa siku ya kushuka. Daftari lipo kwa ukaguzi.” Kilo 20 ndicho kikomo cha hifadhi, na mizigo hupimwa getini, kwa hiyo kila mjumbe anajua kampuni ipi hubishana na mizani. Iwapo kulitokea ajali au lalamiko linalojulikana mjini, litaje kwa sentensi moja na useme ulibadilisha nini. Ukilinyamazia, litaulizwa kikaoni wakati wewe haupo kujibu.

Halafu mchango. Waombaji wengi huahidi “kushirikiana kwa hali na mali”, na kamati haiwezi kuipangia kazi ahadi hiyo. Kampuni yetu ina mwongozaji mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza milimani, basi iandike: “Tutamtoa siku mbili kila Machi, awafundishe waongozaji wa wanachama wengine, na ukumbi tutautoa sisi.” Machi ni chaguo la makusudi, kwani Aprili na Mei wageni hupungua na Julai hakuna mwongozaji wa kumwazima. Mchango mdogo wenye tarehe ninauona bora kuliko mkubwa usio na siku, mradi kampuni iwe tayari kuutimiza, maana barua hubaki kwenye faili, na Machi ikifika katibu atapiga simu.