Kiwanja cha marehemu: nani alipe nini?

Tanzania haina kodi ya mirathi. Hata hivyo, familia nyingi huishia kugombana juu ya gharama, kwa sababu gharama za kurithi na za kuuza huwekwa kapu moja.

Chukulia familia ya Kabasa, katika Halmashauri ya Mji wa Bunda. Mzee amefariki na kuacha mjane, watoto watatu na kiwanja chenye hati mjini. Kikao cha ukoo kinampendekeza kaka mkubwa. Anakwenda Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao na cheti cha kifo, tangazo linabandikwa, na pasipo pingamizi anateuliwa kuwa msimamizi. Ada, nauli na malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi ni gharama za usimamizi. Sheria inamtaka msimamizi akusanye mali, alipe madeni na gharama hizo, ndipo agawe. Kwa hiyo zinatoka kwenye mali ya marehemu, si mfukoni mwa kaka mkubwa. Akitanguliza fedha zake, arejeshewe kwa risiti. Hapo ndipo ugomvi huanzia: asiye na risiti hudai kipande cha kiwanja kuwa fidia, na wadogo zake huona wamedhulumiwa.

Kisha warithi wanakubaliana kuuza kwa shilingi milioni 40. Sasa kuna mauziano, na gharama mbili mpya zinaingia. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, yaani shilingi 400,000. Huu kwa kawaida ni wa mnunuzi, na mkataba upigwe stempu TRA ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe.

Ya pili ni kodi ya ongezeko la mtaji: kwa mkazi, asilimia 10 ya faida. TRA ikikokotoa faida ya milioni 20, kodi ni milioni 2, na ni ya muuzaji. Msajili wa hati hahamishi jina bila uthibitisho kwamba imelipwa.

Madeni na gharama nyingine zikiwa milioni 1.2, zinabaki milioni 36.8. Wakikubaliana kugawana sawa, kila mmoja kati ya wanne anapata milioni 9.2. Kaka akigawa milioni 40 zote siku ya malipo, kodi itamkuta peke yake.

Shamba ni habari nyingine: hati ya kuhamisha ardhi ya kilimo hutozwa stempu ya shilingi 500 tu. Na mrithi anayebaki na kiwanja hajanunua kitu. Msimamizi aanze kuandikishwa kwa nafasi yake ya usimamizi, kisha amhamishie mrithi kwa hati inayotaja urithi. Wanaoandika mauziano ya uongo ili kuharakisha hukadiriwa kodi kana kwamba wameuza kweli.

Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, msimamizi hupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu. Mrithi ana haki ya kuiona. Aulize jambo moja: kila shilingi iliyokatwa, kontrol namba na risiti yake viko wapi?