Mshahara wa Dola, Unga wa Shilingi

Siku hizi wako vijana wetu wengi, hasa Nairobi na Mombasa, ambao hawana tajiri wa kudumu. Hutarjumi maandishi, huchora, au huandika programu za kompyuta kwa wenyeji wa nchi za mbali, na ujira wao huja kwa dola. Swali wanalotuuliza ni moja: dola hizo tuziweke, au tuzigeuze shilingi? Sheria haimzuii mtu, maana ile ya kudhibiti fedha za kigeni ilifutwa Kenya mwaka 1995, na kila mwenye kitambulisho aweza kufungua akaunti ya dola benki. Linalobaki ni hesabu.

Wengi huweka zote. Hoja yao ni kwamba shilingi huanguka, na ni kweli kwamba imekuwa ikianguka miaka mingi. Lakini na tukumbuke yaliyotokea Januari 2024. Dola moja ilifika karibu shilingi 160, na watu wengi walitazamia itapanda zaidi, kwa kuwa Serikali ilikuwa na deni la dola bilioni 2 la kulipwa mwezi wa Juni. Mwezi wa Februari Serikali ikapata mkopo mpya wa dola bilioni 1.5, hofu ikapoa, na kufika Aprili dola ilikuwa karibu shilingi 130.

Tumtwae mtarjumani mmoja wa kutunga, apataye dola 1,000 kwa mwezi, mwenye akiba ya dola 3,000. Ujira wake uliokuwa shilingi 160,000 ukawa 130,000. Akiba yake iliyokuwa 480,000 ikawa 390,000. Yaani pigo moja limempata mara mbili, mfukoni na sandukuni. Hapa ndipo penye kiini cha jambo hili, nasi twaona hapatazamwi vya kutosha. Mtu alipwaye kwa dola amekwisha kukingwa na anguko la shilingi kwa ujira wenyewe: shilingi ikianguka, mwezi ujao atapata shilingi nyingi zaidi. Hatari inayomkabili ni kinyume chake, shilingi kupata nguvu, au kazi kukatika ghafula. Na kazi ikikatika, mwenye nyumba na mwenye duka watadai shilingi.

Basi aanze na matumizi yake. Bwana huyu hulipa dola 50 kila mwezi kwa programu na vifaa vya kazi. Dola 600 za mwaka mzima na zikae kama zilivyo, kwani kuzigeuza na kuzinunua tena ni kuilipa benki mara mbili. Benki hununua dola kwa bei ya chini na kuiuza kwa bei ya juu. Zile 2,400 zilizobaki, tuseme benki ilizinunua kwa shilingi 157 wakati bei ya kati ni 160, alipata 376,800. Katika hizo, 276,800 aziweke mahali pa kutolewa upesi, nazo zatosha karibu miezi minne ya nyumba itumiayo 70,000. Kodi ya mapato nayo itengwe kwa shilingi, mbali na akiba hii.

Zikabaki 100,000. Februari 2024 hiyohiyo Benki Kuu iliuza dhamana ya miundombinu ya miaka minane na nusu, yenye riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka, isiyokatwa kodi. Angepata 18,460 kwa mwaka, kwa mafungu mawili. Ili dola iliyolala bila riba ishindane nayo, ilipasa ipande kutoka 160 hadi zaidi ya 189 katika mwaka huo.

Hesabu hiyo haifai kila mwaka. Riba ikiwa asilimia 8, na kodi ya asilimia 15 ikikatwa, inabaki 6.8, dola ya shilingi 129 ikipita 138 tu, aliyeshika dola ameshinda. Ndiyo sababu fungu hili la tatu pekee ndilo la kupimwa upya kila mara, na yale mawili ya kwanza hayaguswi kwa uvumi wa bei.

Wala dhamana isitwaliwe kuwa sanduku la dharura. Atakaye fedha kabla ya muda hana budi kuiuza sokoni, na riba mpya zikiwa zimepanda, mnunuzi atampa pungufu ya alichotoa. Kwa hiyo kila ujira uingiapo, na ajaze kwanza pengo la fungu la dola, kisha la nyumba. Mwezi ambao yote mawili yamejaa ndipo aulize riba ya dhamana ni ngapi.